Kujibu maulizo ya tovuti kwenye mapokezi ya hoteli

Maulizo yanayoingia kupitia tovuti ya hoteli ndogo karibu yote huuliza mambo matatu: kama chumba kipo kwa tarehe fulani, bei yake ni kiasi gani, na mgeni atafikaje. Mwulizaji mara nyingi ametuma maneno yaleyale kwa hoteli tatu au nne kwa mkupuo mmoja, kisha anasubiri. Anayemjibu kwanza kwa bei kamili na njia ya kulipa ndiye anayeanza kuzungumza naye. Wanaofuata humkuta keshaamua. Jarida la Harvard Business Review lilichapisha mwaka 2011 utafiti juu ya kampuni za Marekani, na ukaonyesha kwamba kampuni zilizomtafuta mteja ndani ya saa moja tangu aulize zilikuwa na nafasi karibu mara saba ya kufikia mazungumzo ya maana naye, zikilinganishwa na zilizochelewa saa moja zaidi. Hoteli ya vyumba 14 katika vichochoro vya Mji Mkongwe, Zanzibar, ina biashara tofauti na kampuni hizo, lakini mwulizaji wake naye ana simu mkononi na majina ya hoteli nyingine mbele yake.

Hoteli ya namna hiyo ndiyo itakayotumika hapa kuwa mfano. Mapokezi yana mtu mmoja kwa kila zamu, ambaye pia hupokea wageni, hutoa funguo na kushika simu. Bei zilizotajwa ni za mfano.

Karatasi ya majibu

Mhudumu wa mapokezi hutumia muda mwingi kutafuta jibu kuliko kuliandika. Anamuuliza meneja bei ya kitanda cha ziada, anampigia dereva kujua nauli ya kutoka uwanja wa ndege, anarudi kwenye kompyuta na kukuta mgeni mwingine amesimama kaunta. Dawa yake ni karatasi moja, iliyochapwa na kubandikwa ndani ya meza ya mapokezi, yenye kila jambo linaloulizwa mara kwa mara.

Karatasi hiyo huanza na bei za kila aina ya chumba kwa msimu wa wageni wengi na msimu wa wageni wachache, pamoja na tarehe ambazo kila msimu unaanza na kuisha. Hufuata umri wa mtoto anayelala bure, bei ya kitanda cha ziada, kilichomo kwenye bei na kisichokuwemo, kodi na tozo, saa ya kuingia na ya kutoka, kiasi cha malipo ya awali, na masharti ya kughairi. Baada ya hapo huja mambo ya njia: umbali kutoka bandarini Malindi na kutoka Uwanja wa Ndege wa Abeid Amani Karume, nauli ya gari la hoteli, na mahali gari linapoishia. Jambo hili la mwisho wageni wa Mji Mkongwe hulisahau kuliuliza, halafu hulalamika wakifika, kwa sababu vichochoro vingi ni vyembamba na gari halipiti. Mgeni anapaswa kujua mapema kwamba atashuka barabarani na kutembea dakika tano, na kwamba kijana wa hoteli atamsubiri na mkokoteni wa mizigo.

Mambo mengine hubadilishwa na mamlaka za nje ya hoteli, na hayo huandikwa pamoja na tarehe yalipohakikishwa. Mfano ni bima ya safari ambayo wageni kutoka nje ya nchi wanatakiwa kuwa nayo kuingia Zanzibar tangu tarehe 1 Oktoba 2024, iliyoanza kwa dola 44 kwa mtu mzima. Mfano mwingine ni ratiba ya boti za Dar es Salaam, ambayo inaweza kubadilika sikukuu zinapokaribia. Kuhusu viza, mhudumu haamui nani anaihitaji na nani haihitaji. Humpa mwulizaji anwani rasmi ya Idara ya Uhamiaji, `visa.immigration.go.tz`, na kumwacha asome mwenyewe. Mgeni aliyeambiwa na hoteli kwamba hahitaji viza, kisha akazuiwa uwanjani, atakuwa na haki ya kuilaumu hoteli.

Mahali maulizo yanapopotelea

Kuna maulizo ambayo hayajibiwi kwa sababu hakuna aliyeyaona. Fomu nyingi za tovuti hutuma ujumbe kwa hoteli kana kwamba umetoka kwenye anwani ya mgeni mwenyewe. Mtambo wa barua pepe hugundua kwamba ujumbe haukutoka huko kwa kweli, huushuku, na kuutupa kwenye `Spam`. Dalili yake ni wiki nzima kupita bila swali hata moja la tovuti ilhali simu zinaendelea kulia kama kawaida. Tiba kamili inafanywa na fundi wa tovuti: sehemu ya `From` iwe anwani ya hoteli, na anwani ya mgeni iwekwe kwenye `Reply-To`. Fundi akichelewa, mhudumu anaifungua `Spam` kila mwanzo wa zamu. Pia mtu mmoja hujaza fomu hiyo kila Jumatatu kama angekuwa mgeni, aone ujumbe unaingia wapi na baada ya muda gani.

Kosa la pili hutokea wakati wa kujibu. Mhudumu anabonyeza `Reply`, anaandika jibu zuri, anatuma, na jibu linakwenda kwenye anwani ya mtambo wa fomu, kama `noreply@`, au linairudia hoteli yenyewe. Kwa hiyo kabla ya kuandika neno lolote, jicho hutazama kwanza sehemu ya `To`. Anwani ya mgeni nayo husomwa herufi kwa herufi. Watu wanaojaza fomu kwa simu huandika `gmail.con` au `gmial.com` bila kujua, na barua iliyotumwa huko haitafika. Ikiwa mgeni ameacha namba ya simu, hapo ndipo inapofaa: ujumbe mfupi wa WhatsApp wa kumjulisha kwamba barua pepe yake imekosewa, pamoja na jibu lenyewe.

Katika zamu yenye shughuli nyingi, mgeni aliyesimama kaunta huhudumiwa kwanza. Lakini kikasha hufunguliwa kila nusu saa, na saa moja ndiyo kikomo cha jibu la kwanza kuanzia asubuhi hadi saa nne usiku. Maulizo ya usiku wa manane hujibiwa na mlinzi wa zamu ya usiku ikiwa amefundishwa kutumia violezo. Vinginevyo ndiyo kazi ya kwanza ya zamu ya asubuhi, kabla ya chai ya wageni kuanza. Ujumbe wa kujiendesha unaosema “Tutakujibu ndani ya saa 24” ni bora uzimwe. Humwambia mwulizaji aendelee kutafuta kwingine.

Swali moja, kuanzia mwanzo hadi mwisho

Saa 3:40 usiku unaingia ujumbe huu kupitia fomu:

> Asalaam aleikum. Tunataka chumba cha familia tarehe 19 mpaka 22 Desemba, mimi, mke wangu na watoto wawili. Tunatoka Dar kwa boti ya jioni. Chai ya asubuhi imo? Gari linafika mlangoni?

Hatua ya kwanza ni kuhesabu usiku. “Tarehe 19 mpaka 22” inaweza kuwa na maana ya usiku tatu, mgeni akiondoka tarehe 22, au usiku nne, akilala pia tarehe 22. Mhudumu hachagui kimoja kimyakimya. Huchukua maana ya kawaida, yaani usiku tatu, na kuiandika waziwazi ili mgeni aweze kumsahihisha.

Hatua ya pili ni kutazama kama chumba kipo, kwenye daftari au kwenye mfumo wa kuweka nafasi, pamoja na majukwaa ya nje kama Booking.com. Kikiwepo, kinashikiliwa papo hapo, kabla jibu halijaandikwa: jina la mgeni linaingia kwa kalamu ya risasi au kwa alama ya “kinasubiri”, na chumba kinafungwa kwenye majukwaa ya nje. Mhudumu anayeandika jibu kwanza na kushikilia chumba baadaye anaweza kukuta kimeuzwa katika zile dakika kumi za katikati. Hapo hoteli itakuwa na wageni wawili wenye ahadi ya chumba kimoja.

Hatua ya tatu ni hesabu. Chumba cha familia ni Sh 260,000 kwa usiku, kwa usiku tatu ni Sh 780,000. Malipo ya awali ni asilimia 30, yaani Sh 234,000, na salio ni Sh 546,000. Umri wa watoto haukutajwa. Hapa wahudumu wengi huandika “Watoto wana umri gani?” na kutuma swali hilo peke yake. Mgeni analiona asubuhi, anajibu mchana, na siku nzima imepita bila bei. Inafaa zaidi kutoa bei na kuambatanisha sharti: bei hii ni kwa watoto wasiozidi miaka 11. Kama mmoja ana miaka 14, mgeni atasema mwenyewe, na wakati huohuo tayari anajua kiasi cha kuandaa.

Jibu linatoka saa 4 kasorobo usiku:

> Waaleikum salaam. Asante kwa kutuandikia.
>
> Chumba cha familia kipo. Mtaingia Ijumaa 19 Desemba, mtalala usiku tatu (19, 20 na 21), na mtaondoka Jumatatu 22 Desemba. Bei ni Sh 260,000 kwa usiku, jumla Sh 780,000, pamoja na chai ya asubuhi na kodi zote. Bei hii ni kwa watu wazima wawili na watoto wawili wasiozidi miaka 11. Kama kuna aliyezidi umri huo, tafadhali tujulishe.
>
> Gari halifiki mlangoni kwa kuwa kichochoro ni chembamba. Kijana wetu atawapokea bandarini Malindi na kuwaletea mizigo kwa mkokoteni, bila malipo. Ni mwendo wa dakika kama kumi kwa miguu. Tunaomba jina la boti na saa ya kuondoka Dar.
>
> Tumewashikilia chumba hiki mpaka kesho saa 10 jioni (16:00). Malipo ya awali ni Sh 234,000 na salio la Sh 546,000 mtalipa mkifika. Mkikubali, jibuni “Ndiyo” na tutawatumia namba ya malipo yenye jina la hoteli.
>
> Karibuni sana,
> (jina la mhudumu), Mapokezi

Jibu hili linarudisha salamu iliyotolewa. Mtu aliyeanza na “Asalaam aleikum” akajibiwa “Mpendwa mteja” huhisi anajibiwa na mashine. Siku ya wiki imeandikwa pamoja na tarehe, kwa hiyo mgeni aliyekosea mwezi atalitambua kosa lake mara moja. Mwezi umeandikwa kwa jina, kwa sababu 04/05 kwa Mmarekani ni tarehe 5 Aprili na kwa Mtanzania ni tarehe 4 Mei. Saa imeandikwa mara mbili, kwa hesabu ya Kiswahili na kwa hesabu ya saa 24. Mgeni anayeambiwa kwamba kuingia ni “saa 8” bila maelezo zaidi, kama si mzoefu wa saa za Kiswahili, anaweza kufika saa mbili asubuhi na kukaa kwenye viti vya mapokezi saa sita nzima. Na mwishoni kuna neno moja tu la kujibu. Mgeni hatakiwi kujaza fomu nyingine ili akubali.

Violezo

Violezo vinne vinatosha kwa sehemu kubwa ya maulizo. Cha kwanza, cha chumba kilichopo, ni hilo jibu la juu likiwa na nafasi za kujaza. Nafasi hizo zinawekewa alama ambayo haiwezi kupita bila kuonekana, kama `###`, na kabla ya kutuma mhudumu anaitafuta alama hiyo kwenye ujumbe wote. Barua inayosema “Mpendwa ###” huharibu kazi yote.

Cha pili ni cha chumba kisichokuwepo. “Samahani, tumejaa” ni jibu la ukweli, lakini linamfukuza mtu ambaye huenda tarehe zake zinaweza kusogezwa. Kwa hiyo kila “hakuna” hufuatwa na kilichopo, kikiwa na bei yake:

> Asante kwa kutuandikia. Chumba cha ### kwa tarehe ### mpaka ### kimeshachukuliwa. Kwa tarehe hizohizo tunacho chumba cha ###, Sh ### kwa usiku pamoja na chai ya asubuhi. Kama mnaweza kusogeza safari, chumba mlichokiomba kipo kuanzia ### mpaka ###, kwa Sh ### kwa usiku. Tujulisheni mnachopendelea, tukishikilie mpaka ### saa ###.

Ikiwa hoteli haina kitu kabisa, kama inavyotokea usiku wa Sauti za Busara mwezi Februari au kwenye mwaka mpya, ni uungwana kutaja hoteli jirani ambayo ina makubaliano na hoteli hii. Majirani nao hurudisha wageni siku zao zikijaa.

Cha tatu ni cha swali lisilo na tarehe wala idadi ya watu: “Bei zenu ni ngapi?” Hapa mhudumu analazimika kuuliza, lakini anatoa kwanza kiwango cha bei, halafu anauliza mambo mawili tu, tarehe na watu:

> Asante kwa kutuandikia. Vyumba vyetu vinaanzia Sh ### kwa usiku kwa watu wawili pamoja na chai ya asubuhi, na chumba cha familia ni Sh ###. Ili tukupe bei kamili na tukuhakikishie nafasi, tunaomba tarehe ya kufika, tarehe ya kuondoka, na idadi ya watu pamoja na umri wa watoto kama wapo.

Cha nne ni cha jambo linalopelekwa kwa mtu mwingine, na kinaelezwa hapa chini.

Violezo hivi huhifadhiwa mahali vinapotumika. Kwenye Gmail huwashwa kwa kufungua `Settings`, kisha `See all settings`, kisha `Advanced`, kuchagua `Enable` kwenye `Templates`, na kumalizia kwa `Save Changes`. Baadaye hupatikana kwenye nukta tatu za chini wakati wa kuandika barua. Kwenye WhatsApp Business huitwa `Quick replies`: mhudumu anaandika alama ya `/` na neno fupi alilolichagua, na kiolezo kinatokea. Maneno mafupi yanayofaa ni yale yanayokumbukika kirahisi, kwa mfano:

```
/kipo
/hakuna
/bei
/kabidhi
```

Kwa wageni wa Ulaya na kwingineko violezo hivyohivyo huandaliwa kwa lugha zao na mtu anayezijua vizuri, mara moja, kisha vinahifadhiwa. Kutafsiri papo kwa papo mbele ya foleni ndiko kunakozaa makosa ya bei na tarehe.

Wakati wa kukabidhi

Mhudumu wa mapokezi hujibu mwenyewe kila kilichomo kwenye karatasi ya majibu. Kisichokuwemo kinakabidhiwa, hata kama anadhani anajua jibu. Mpaka huo humwokoa na ahadi ambazo hoteli haitaweza kuzitimiza, na humwokoa pia na kulaumiwa kwa uamuzi usio wake.

Punguzo la bei nje ya kiwango kilichoandikwa humhusu meneja. Maombi ya vyumba vitano au zaidi humhusu meneja pia, kwa kuwa kundi moja linaweza kubadilisha bei, chakula na usafiri wa hoteli nzima. Madai ya kurudishiwa pesa na maswali juu ya malipo ambayo hayajaonekana ni ya mhasibu. Malalamiko ya mgeni aliyekwisha kuondoka, habari za kitu kilichoibwa au mtu aliyeumia, barua za wanasheria, polisi au waandishi wa habari humwendea meneja siku hiyohiyo. Mhudumu haandiki neno lolote la kukubali au kukataa kosa.

Maswali ya afya na ulemavu yanahitaji uangalifu wa pekee kwa sababu huonekana mepesi. Mtu akiuliza kama hoteli inafaa kwa anayetumia kiti cha magurudumu, jibu la “Ndiyo, karibu” linaweza kumfikisha mgeni kwenye nyumba ya ghorofa tatu yenye ngazi kali za mbao na milango ya kale yenye vizingiti virefu. Mtunza nyumba au meneja anapima upana wa mlango wa chumba na wa bafu, anahesabu ngazi, anapiga picha, na mhudumu anatuma vipimo hivyo kama vilivyo. Mgeni ndiye atakayeamua. Mzio wa chakula nao hupelekwa jikoni kwa mpishi mkuu. Mhudumu hawezi kuahidi kwamba karanga hazitagusa chungu kingine.

Kukabidhi kuna sehemu mbili, na ya kwanza ni ya mgeni. Anaambiwa nani analo jambo lake na lini atajibiwa, na sehemu ya swali lake ambayo mhudumu anaweza kuijibu hujibiwa hapohapo:

> Asante kwa kutuandikia. Chumba kwa tarehe ### mpaka ### kipo, na bei yake ya kawaida ni Sh ###. Ombi lako kuhusu ### linahitaji uamuzi wa meneja wetu, Bwana/Bibi ###, na nimemkabidhi sasa hivi. Utapata jibu kabla ya kesho saa ### (###). Chumba tumekishikilia mpaka wakati huo.

Sehemu ya pili ni ya ndani. Ujumbe wa mgeni ukisukumwa kwa meneja kwa `Forward` bila neno lolote, huzama kati ya barua nyingine. Maelezo ya juu yake yanatosha kwa mistari minne: mgeni ni nani na anataka nini, mhudumu ameshamwambia nini, kinachohitajika ni uamuzi gani, na saa iliyoahidiwa. Kwa mfano: “Kundi la walimu 16 kutoka Morogoro, vyumba 8, tarehe 3 mpaka 5 Julai. Wanaomba punguzo na chakula cha usiku. Nimewapa bei ya kawaida tu. Naomba bei ya kundi kabla ya kesho saa 6 mchana; nimewaahidi saa 8.” Tofauti ya saa mbili kati ya ombi na ahadi imewekwa makusudi, ili mhudumu apate muda wa kumkumbusha meneja kabla mgeni hajaanza kungoja. Jambo huwa la mtu mmoja tu. Likikabidhiwa kwa “ofisi” au kutupwa kwenye kundi la WhatsApp la wafanyakazi wote, kila mmoja hudhani mwenzake amelishika.

Maulizo ya kutiliwa shaka

Baadhi ya maulizo hayana mgeni nyuma yake. Mmoja wa mitindo ya zamani ni wa mtu anayeomba vyumba vingi kwa siku nyingi, habishani na bei, anaharakisha kutoa namba za kadi, kisha anaiomba hoteli ikate pesa zaidi ya gharama na kumtumia ziada “dereva” au “wakala” wake kwa njia nyingine. Kadi huwa imeibwa. Mwenye kadi akidai, benki hurudisha pesa zote, na hoteli inabaki imelipa ziada kutoka mfukoni mwake. Kwa sababu hiyo, ombi lolote la kupitisha pesa kwa mtu wa tatu hukabidhiwa meneja, na hakuna anayelipwa.

Mtindo mwingine hugusa huruma. Mwulizaji anasema mtoto wake ana mzio mkali, au mzazi wake ni mgonjwa, na maelezo ya daktari yako kwenye kiungo fulani. Anaomba mhudumu akifungue. Kiungo hicho hupakia programu inayoiba nywila za kompyuta ya hoteli, ikiwemo ya majukwaa ya kuweka nafasi, na wezi hutumia akaunti hizo kuwadai pesa wageni wa kweli. Jibu salama ni kumwomba aandike maelezo hayo ndani ya ujumbe wenyewe. Mgeni wa kweli ataandika.

Na kwa upande wa hoteli, namba ya kadi na zile tarakimu tatu za nyuma yake haziombwi kwa barua pepe wala WhatsApp. Mgeni akizituma mwenyewe, mhudumu hajibu kwa kutumia ujumbe uleule wenye namba. Anaandika ujumbe mpya wa kumwelekeza njia sahihi ya kulipa, anaufuta ule wa kwanza, na kumjulisha meneja.

Daftari na kufuatilia

Kila swali huandikwa kwenye daftari moja, la karatasi au la kompyuta, mstari mmoja kwa swali: saa lilipoingia, jina, tarehe za kulala, saa lilipojibiwa na nani, hali yake, na hatua inayofuata na saa yake. Hali zinazotosha ni nne: mpya, anasubiriwa, limekabidhiwa, limefungwa. Zamu inapobadilika, anayeondoka na anayeingia husoma pamoja mistari yote ambayo haijafungwa. Dakika tano hizo huzuia jambo ambalo wageni huliona upesi, yaani kujibiwa mara mbili kwa bei mbili tofauti.

Kabla saa ya kushikilia chumba haijaisha, mgeni aliyenyamaza hutumiwa ukumbusho mmoja. Katika mfano wa familia ya Dar, ukumbusho unakwenda saa 7 mchana kwa ahadi inayoisha saa 10:

> Habari za mchana. Chumba cha familia cha 19 mpaka 22 Desemba bado tumewashikilia mpaka leo saa 10 jioni (16:00). Kama mnahitaji muda zaidi, tuandikieni tu.

Akiomba muda, anaongezewa siku moja ikiwa hakuna mwingine anayekitaka chumba, na daftari linabadilishwa. Akinyamaza, saa 10 ikifika chumba kinafunguliwa tena kwenye mfumo na kwenye majukwaa ya nje, na mgeni anaandikiwa mstari mmoja kwamba hakishikiliwi tena na kwamba anaweza kuuliza upya wakati wowote. Ujumbe huo wa mwisho usirukwe, hasa Desemba. Mgeni ambaye hakuambiwa huamini bado ana chumba, na anaweza kufika tarehe 19 jioni na mizigo yake, mke na watoto, mlangoni pa hoteli iliyojaa.

Malipo ya awali yakiingia, mhasibu anathibitisha kwamba pesa imeonekana kwenye akaunti, kwa kuwa picha ya muamala iliyotumwa na mgeni haitoshi kuwa ushahidi. Baada ya hapo ndipo mhudumu anapotuma uthibitisho wenye jina, tarehe, chumba, kiasi kilicholipwa, salio, na namba ya simu ya mapokezi ya usiku, kisha anaandika “limefungwa” kwenye mstari wa daftari.